Mlinzi wa Malindo Mawili

Mwaka 1920, mjini New Orleans, Marekani, Edwin Adams alicheza sataranji na mwanafunzi wake, kijana wa Kimeksiko mwenye umri wa miaka 15 hivi aliyeitwa Carlos Torre. Mchezo ulipofika hatua ya 18, Adams alimsogeza malkia wake hadi mahali ambapo angeliwa bila taabu. Torre hakumla. Hatua iliyofuata malkia akapelekwa mahali pengine pa kuliwa, na Torre hakumla tena. Ikawa hivyo kwa hatua sita mfululizo: kete yenye nguvu kuliko zote ipo mbele ya mdomo, na hakuna wa kuithubutu. Hatua ya 23 Torre akasalimu amri, na malkia wa Adams bado amesimama pa kuliwa.

Wapo wanahistoria wa mchezo huu wanaotilia shaka kama kweli ulichezwa. Wanasema huenda Torre aliutunga mwenyewe ili kumpa heshima mwalimu wake. Kwetu sisi haidhuru, maana kila hatua yake inaweza kukaguliwa ubaoni, nayo inaonyesha wazi kuliko maelezo yoyote jinsi mlinzi anavyozidiwa na kazi.

Kwanza tukubaliane kuhusu majina ya mahali. Safu za ubao zinazosimama huitwa kwa herufi, a hadi h, kuanzia kushoto kwa mchezaji mwenye kete nyeupe. Mistari inayolala huhesabiwa 1 hadi 8, kuanzia upande wake huyo huyo. Mfalme mweupe huanza e1, mfalme mweusi e8. Hayo yanatosha. Msomaji mwenye ubao karibu autandike, kwa sababu mambo haya huingia kwa macho upesi kuliko kwa masikio.

Tuanze na mfano mdogo. Mfalme mweusi yuko g8, na mbele yake wamejipanga askari watatu: f7, g7 na h7. Hao wanamkinga, lakini pia wamemfungia mlango. Weusi wana malkia c7, ngome d8 na farasi d5. Weupe wana mfalme g1 nyuma ya askari wake watatu wa f2, g2 na h2, malkia b3 na ngome e1. Ni zamu ya weupe. Malkia mweupe anamtazama yule farasi wa d5, lakini farasi analindwa na ngome ya d8. Kwa haraka mtu atasema, "Farasi ana mlinzi, niachane naye."

Sasa iulize ile ngome ya d8: kazi yako ni nini hasa? Itajibu kwamba inamlinda farasi. Ni kweli, ila kuna kazi ya pili ambayo haionekani mpaka uitafute. Ngome hiyo ndiyo pekee inayolinda mstari wa nyuma. Ikiondoka d8, ngome nyeupe itapanda kutoka e1 hadi e8 na mfalme atakuwa amefungwa, hana pa kukimbilia, kwa kuwa askari wake mwenyewe wamemziba. Basi malkia mweupe anamla farasi wa d5 bila woga. Ngome ikimla malkia, e8 inabaki wazi na mchezo umekwisha. Ikimwacha malkia, farasi amekwenda bure. Mshika mbili moja humponyoka.

Hapo kuna mambo mawili ambayo wachezaji wengi huyachanganya. La kwanza ni hali: mlinzi amezidiwa, amepewa malindo mawili na hawezi kuwa kote kuwili. La pili ni kitendo: kumtoa mlinzi lindoni, yaani kumlazimisha aende kwenye kazi moja ili aiache ile nyingine. Hali huwa imekaa ubaoni kimya, pengine kwa hatua kumi, bila mtu kuiona. Kitendo kinamhitaji mchezaji aliyeiona. Kwa hiyo ustadi wote uko katika kuona, na kuona kuna njia yake.

Njia yenyewe ni ya kuhesabu. Chukua kila kete au mraba wa mpinzani unaoushambulia, hesabu washambuliaji wako, kisha hesabu walinzi wake. Walinzi wakiwa wengi kuliko washambuliaji, ana akiba, mlinzi mmoja anaweza kuondoka bila madhara. Wakiwa sawasawa, ndipo unapotakiwa kukaa wima kwenye kiti. Hesabu ikilingana, hakuna mlinzi hata mmoja aliye huru. Kila mmoja amepigiliwa msumari. Anaonekana kama kete inayoweza kwenda popote, na kwa sheria za mchezo anaweza, lakini akitoka tu jengo linaanguka. Kete ya namna hiyo ukiitishia, au ukiiwekea kitu cha kula, huwa inapewa kazi ya pili papo hapo.

Turudi New Orleans tuone Adams alivyohesabu. Kabla ya hatua ya 18 weupe wana mfalme g1, malkia d4, ngome mbili zilizopangwa moja nyuma ya nyingine kwenye safu ya e, yaani e2 na e1, na farasi f3. Askari wao wako a2, b2, d5, f2, g2 na h2. Weusi wana mfalme g8, malkia d7, ngome c8 na e8, na askofu f6. Askari wao wako a5, b7, d6, f7, g7 na h7.

Angalia mraba wa e8, ambako imesimama ngome nyeusi. Washambuliaji ni wawili, zile ngome mbili nyeupe. Walinzi nao ni wawili: malkia wa d7 na ngome ya c8. Mbili kwa mbili. Juu ya hayo, mfalme mweusi amezibwa na askari wake f7, g7 na h7, kwa hiyo kosa la e8 halimgharimu Torre kete moja tu, linamgharimu mchezo. Malkia na ngome ya c8 wamefungwa lindoni, ingawa hakuna kamba inayoonekana.

Adams akamsogeza malkia hadi g4, akimshambulia malkia wa d7. Mweusi akimla, ameacha kulinda e8: ngome nyeupe inakula e8, ngome ya c8 inalipiza, ngome ya pili inakula tena e8, mfalme amefungwa. Torre aliliona hilo, akamrudisha malkia wake b5. Mraba huo haukuchaguliwa ovyo. Kutoka b5 malkia bado anaiona e8 kwa mshazari, kupitia c6 na d7. Ameukimbia moto bila kuacha lindo.

Adams akaja c4. Sasa malkia mweupe anaweza kuliwa na wawili, malkia wa b5 au ngome ya c8, na wote wawili ndio wale wale walinzi wa e8. Yeyote atakayekula atakuwa ametoka lindoni. Torre akarudi d7. Adams akaingia c7, ndani kabisa ya nyumba ya adui, tena pa kuliwa na hao hao wawili, na tena haliwi. Torre akarudi b5.

Hapa pana jambo ambalo mimi naliona ndilo tamu zaidi katika mchezo mzima, nalo ni hatua ambayo Adams hakuicheza. Macho ya mchezaji wa kawaida yangekimbilia b7: malkia amle askari wa hapo, amtishie tena malkia wa b5, mambo yaishe. Ingekuwa balaa. Malkia mweusi angeshuka kutoka b5 akaila ngome ya e2. Ngome ya e1 ikimla, ngome nyeusi ya c8 inateremka hadi c1 na kumpa mfalme mweupe cheki, kwa kuwa safu ya c sasa iko wazi. Weupe wakimrudisha farasi e1 kukinga, ngome ya c1 inamla. Ngome ya e2 ikilipiza kwa kuila, ngome ya e8 inateremka na kula e1, na safari hii anayefungwa ni mfalme mweupe. Maana yeye pia amezibwa na askari f2, g2 na h2, na ngome yake ya e1 ilikuwa na malindo mawili: kumlinda mwenzake wa e2 na kulinda mstari wa nyuma. Adams alikuwa na ugonjwa ule ule aliokuwa akiutafuta kwa mwenzake. Malkia wake akiwa c7 anaiziba safu ya c. Akienda b7 anaifungua.

Kwa hiyo kabla ya kumtoa mlinzi wa mpinzani lindoni, wageukie walinzi wako uwaulize swali lile lile. Wachezaji wengi wanaojua mbinu hii hushindwa hapa, kwa sababu kuona udhaifu wa mwenzio kunalevya.

Adams alimsukuma askari kutoka a2 hadi a4, akimtishia malkia wa b5. Askari! Kwa mtu anayetazama kwa mara ya kwanza inaonekana hatua ya kijinga katikati ya vita ya wakubwa. Malkia mweusi akamla askari huyo, na kutoka a4 bado anaiona e8 kwa mshazari ule ule. Ndipo ngome ya e2 ikapanda hadi e4. Hatua hiyo moja ilifanya kazi mbili. Inamshambulia malkia wa a4 kwa mstari uliolala, na imeondoka e2, kwa hiyo ule ujanja wa malkia mweusi kuila ngome ya e2 umekufa. Torre akarudi b5, na sasa Adams akala b7.

Hesabu pa kukimbilia. Malkia mweusi ni lazima abaki kwenye mshazari wa a4 hadi e8, la sivyo e8 inaanguka. Mshazari huo una a4, b5, c6 na d7. Pale a4 anakula ngome ya e4. Pale c6 na d7 anakula malkia wa b7. Pale b5 alipo pia anakula malkia wa b7. Akimla malkia wa b7, ametoka lindoni na mfalme anafungwa. Miraba imekwisha, na Torre akainua mikono.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini Torre hakumsogeza askari wa h7 hatua moja tu, mfalme akapata mlango. Jibu ni kwamba hakupewa nafasi. Kila hatua ya Adams ilimtishia malkia wake, na zamu ni moja tu: akifungua mlango, anapoteza malkia. Mbinu ya kumtoa mlinzi lindoni inaishi kwa sharti hilo la zamu moja. Ikiwa hatua yako haimtishii mpinzani kwa jambo kubwa, atatumia zamu yake kutibu udhaifu, na ulichokiona kitakuwa kimepotea.

Sharti hilo la zamu moja ndilo linalouzaa ndugu wa mbinu hii, shambulio la kufunuliwa. Hapa kete moja ya upande wako imesimama mbele ya nyingine na kuiziba njia. Ile ya mbele ikiondoka, ya nyuma inafunuliwa na kushambulia, huku ya mbele nayo imefika mahali ikashambulia kitu kingine. Hatua moja, vitisho viwili. Katika mlinzi aliyezidiwa, kete moja ina kazi mbili. Katika shambulio la kufunuliwa, ni mchezaji mwenyewe anayepewa kazi mbili kwa zamu moja.

Na anayetufundisha hili ni Torre yule yule. Mwaka 1925 alikwenda Moscow kwenye mashindano makubwa, akiwa kijana wa miaka 21 hivi, akakutana na Emanuel Lasker, Mjerumani aliyekuwa bingwa wa dunia kuanzia 1894 hadi 1921. Lasker alikuwa na miaka 56 na bado alikuwa hatari. Mashindano hayo hayo aliyamaliza katika nafasi ya pili, mbele ya Capablanca aliyekuwa bingwa wa wakati huo.

Ilipofika hatua ya 25, Torre, akiwa na kete nyeupe, alikuwa na malkia h5, askofu g5 na ngome g3. Malkia wa Lasker alikuwa b5. Malkia hao wawili walikuwa kwenye mstari mmoja, mstari wa 5, na kati yao amesimama yule askofu wa g5 peke yake. Torre akamtoa askofu hadi f6. Malkia wakabaki wanatazamana, wote wawili bila mlinzi, na zamu ni ya Lasker. Akala malkia wa h5. Hakuwa na njia nyingine ya maana, kwa sababu asipokula yeye ndiye angeliwa.

Ngome ya g3 ikala askari wa g7 na kutoa cheki, ikilindwa na askofu wa f6. Mfalme wa Lasker akaenda h8, mahali pekee palipobaki. Sasa tazama mshazari: askofu f6, mbele yake ngome g7, mbele ya ngome mfalme h8. Ngome ikiondoka g7, popote iendapo, mfalme anapigwa cheki na askofu. Ikala askari wa f7, cheki. Mfalme akarudi g8. Ngome ikarudi g7, cheki. Mfalme akarudi h8. Ngome ikaenda hadi b7 na kumla askofu, cheki. Mfalme g8, ngome g7, mfalme h8. Lasker hakuwa na la kufanya ila kumtembeza mfalme kati ya miraba miwili huku nyumba yake ikibebwa kipande kwa kipande.

Mwisho ngome ikaenda g5. Pale palikuwa na askari mweusi wa h6 aliyeweza kuila, na malkia wa h5 naye angeweza kuila. Hakuna aliyeruhusiwa, kwa sababu mfalme alikuwa kwenye cheki ya askofu na cheki hujibiwa kwanza. Mfalme akaenda h7, ngome ikamla malkia. Lasker alifanikiwa kumla askofu wa f6 baadaye, kwa kuwa mfalme wake alipofika g6 aliitishia ngome na askofu kwa pamoja, lakini hesabu ilikuwa imekwisha haribika. Malkia alikwenda kwa malkia, askofu kwa askofu, na Torre alikuwa amekula askari wa g7 na f7, akamwongeza wa h6 muda mfupi baadaye. Kwa hatua ya 43 Lasker akakubali kushindwa.

Dalili za shambulio la namna hii ni rahisi kuzitafuta ukijua pa kuangalia. Kete zinazopiga kwa mbali ni tatu: malkia, ngome na askofu. Fuata mstari wa kila moja ya mpinzani, hata kama umezibwa, hadi mwisho wa ubao. Kizuizi kikiwa kete yake mwenyewe, na mwisho wa mstari yupo mfalme wako, malkia wako au kete isiyo na mlinzi, basi mlango upo, umerudishiwa tu. Swali linalobaki ni kete ya mbele inaweza kwenda wapi ikaumiza. Lasker alikuwa na mistari miwili ya aina hiyo kwa wakati mmoja: wa malkia kwa malkia kupitia g5, na ule wa askofu kwa mfalme ambao ungezaliwa mara ngome ifikapo g7. Mmoja angeweza kuukabili.

Walinzi nao hawalingani. Malkia ndiye mlinzi mbaya kuliko wote, ingawa wachezaji wanaoanza humwamini zaidi. Kwa kuwa thamani yake ni kubwa, kila kete inaweza kumfukuza, hata askari wa a4. Askari akilinda kitu, hakuna anayejisumbua kumtishia kwa ngome. Mfalme naye ni mlinzi dhaifu, maana cheki moja humtoa lindoni. Ukiona mraba muhimu wa mpinzani unalindwa na malkia au mfalme peke yake, anzia hapo.

Kama una ubao, pange tena kete za Adams na Torre kama zilivyokuwa kabla ya hatua ya 18, lakini safari hii mweke askari mweusi h6 badala ya h7. Jaribu kumpeleka malkia mweupe g4, na umruhusu mweusi amle. Kula e8, ulipizwe, kula tena. Mfalme atatoka h7, na wewe utabaki bila malkia.